Katoni Aliyoikalia Mjumbe

Chuo kikuu kilipofungwa kwa sababu ya mapigano, tasnifu yangu ilikuwa na sura mbili tu. Shangazi hakunipa pole. Alinikabidhi bidhaa mbovu za duka lake la mtaa wa Cibitoke, nizipange kabla mjumbe wa muuzaji wa jumla hajafika. Bila noti ya kredi, hati ya kumpunguzia deni kwa mali aliyoirudisha, asingepewa shehena nyingine, na rafuni palibaki sabuni na viberiti.

Nilipanga mafungu. Mikebe ya nyanya iliyovimba: kosa la kiwanda, irudishwe. Biskuti zilizopitwa na muda mikononi mwetu: hasara yetu, zifutwe kwenye hesabu ya mali. Vilivyoibwa: hasara yetu pia, navyo niliviachia nafasi sakafuni, kwa ajili ya utaratibu.

Shangazi alipatazama pale patupu. "We mutoto, unangojea wezi warudishe?"

Ilibaki katoni moja iliyobonyea, mikebe yake imepondeka bila kuvimba. Ikiwa ilipondeka garini, ni mzigo wa muuzaji. Ikiwa dukani, ni wetu. Niliitafakari asubuhi nzima, na kila hoja niliyoijenga niliibomoa mwenyewe.

Mjumbe alifika, mtu wa kiwiliwili kizito. Alibonyeza vifuniko vya mikebe iliyovimba kwa kidole gumba, akaikubali yote. Mbele ya katoni ile alitikisa kichwa.

"Hii apana. Mulipokea muzima. Mumeikalia, Mama."

Alisema kweli. Risasi zilipolia, majirani waliingia dukani wakakaa juu ya katoni, mbali na mlango. Nilifungua kinywa nikiri, shangazi akaniwahi.

"Na siku ile barabara ilifungwa, baba, we ulikaa wapi?"

Mjumbe aliitazama katoni kama mtu aliyekutana na mdai wake sokoni.

"Mi nilikaa kidogo tu."

"Kidogo! Mpaka maharagwe ikaiva, ukakula!"

"Watu walikuwa wengi. Inaweza kuwa mutu yeyote."

"Basi kaa tena, tuone kama shimo inakujua."

Wateja waliokuwa dukani walianza kucheka. Akakaa. Shimo lilimpokea bila kubakiza nafasi hata ya kidole.

"Andika, Profesa," akaniambia, bado amekaa.

Neno "imeharibika" halikutaja mhusika, nikalikataa. Kwenye hati ya kurudisha mali niliandika: "Imepondwa na mjumbe wa muuzaji, akiwa kazini."

"Kazini? Nilikuwa najificha!"

"Ulikuwa umeleta mzigo," nilisema. Alitia saini, akapakia katoni pamoja na mikebe iliyovimba.

Noti ya kredi ilitoka, na shehena mpya ikaja. Mjumbe alishuka garini na kiti chake cha plastiki. Kabla hatujamaliza kupokea, milio ya risasi ilisikika upande wa mtaa wa Carama. Majirani wakaingia, na sote, isipokuwa mjumbe, tukakaa juu ya nyanya mpya.