Mafungu Tisa ya Mechi Moja

Nyuma ya maghala ya Sulay, Riyadh, ndiko tulikolala, Wakenya na Waganda kwa wingi, na sisi Watanzania wachache. Nilikuwa utingo wa lori la vigae, leo Riyadh, kesho kutwa Jidda, na kazi hiyo ilinifaa kwa sababu sijawahi kukaa mahali nikatosheka. Kwenye kitanda cha chini yangu alilala Mkenya aliyeendesha foklifti. Mkewe alikuwa mfanyakazi wa ndani Jidda. Mikataba yao ilikuwa inaisha mwezi uleule, na walikuwa wamekubaliana kurudi kwao pamoja wakafungue karakana ya kuchomelea vyuma. Fedha za mashine alizitunza mume.

Kubeti ni haramu kule, kwa dini na kwa serikali, na tovuti zake hazifunguki. Wanaume wa chumbani walituma fedha kwa ndugu zao nyumbani, wakachezewa huko. Walichokipenda zaidi ni mapumziko na mwisho. Hapo kubashiri mshindi peke yake hakutoshi. Unataja nani atakuwa mbele mapumziko, kisha nani atakuwa mbele filimbi ya mwisho. Mapumziko yana majibu matatu, mwenyeji, sare au mgeni, na mwisho una matatu yaleyale. Tatu mara tatu, tisa. Odi zake, yaani mara ngapi ya dau lako unalipwa ukipatia, ni nono, na unono huo ndio unaowanasa watu.

Mimi shule niliiacha darasa la sita, lakini kitu nisichokielewa huniwasha. Siku moja nilichukua odi za mechi moja, nikagawa mia kwa kila odi, nikajumlisha. Kwenye ubashiri wa mshindi tu, majibu matatu yalileta mia na sita hivi. Kingekuwa kitu cha haki yangeleta mia. Hiyo sita ya juu ndiyo chakula cha kampuni ya kubeti. Kwenye yale tisa nilipata mia na ishirini na mbili.

Nilimwonyesha yule wa foklifti.

"Mbona wanakula hivyo?" akaniuliza.

Nikamwambia nilivyoelewa. Kila jibu ni fungu, na kila fungu limenyofolewa kidogo, na mafungu ni tisa badala ya matatu. Yale ya mbali, kama mgeni kuongoza kisha mwenyeji akashinda, hunyofolewa zaidi, kwa kuwa hakuna anayejua bei yake halisi na mtu akishaona odi ya ishirini na tatu haulizi ilipaswa kuwa ngapi. Kisha nikamwonyesha jambo lililonichekesha mimi mwenyewe. Mwenyeji kushinda kumegawanyika mafungu matatu: aongoze mapumziko, wawe sare, au awe nyuma. Ukiyanunua yote matatu umenunua ushindi wake, basi. Lakini kwa vipande ni kama odi moja na nukta sita, na ukiununua mzima unapewa moja na nukta nane.

"Kama sukari ya kupimiwa kwenye karatasi," akasema.

"Hasa."

Akasema, "Basi mjinga ni anayenunua. Mimi nitauza."

Na akauza. Aliwaambia watu wasihangaike kutuma fedha nyumbani. Wacheze kwake, odi zilezile za kampuni, ushindi mkononi kwa riyali. Walifurahi. Wakambandika jina la Bosi, wakawa wanamwamkia "Shikamoo Bosi" akitoka bafuni na taulo kiunoni. Wiki za mwanzo alikula kweli. Kila Jumapili aliniletea soda, akinigonga bega: "Mwalimu, kunywa. Hii ni ile ishirini na mbili yako."

Nilimwambia kampuni ina wateja wa nchi nzima, huyu huku, yule kule, ndiyo maana ile asilimia inatulia. Yeye alikuwa na wateja wa vyumba vitatu, na karibu wote walishangilia timu moja ya Uingereza.

"We kunywa soda," alisema.

Timu hiyo ilikuwa imeingiwa na tabia. Inafungwa kwanza, inaamka kipindi cha pili, inashinda. Ilipokuja mechi ya nyumbani Jumamosi, wanaume kumi na wawili walikuja na wazo moja: mgeni aongoze mapumziko, mwenyeji ashinde mwisho. Odi ishirini na tatu. Kila mmoja riyali hamsini. Kampuni ikiona fedha zinaelemea fungu moja hushusha odi, au huweka kikomo cha malipo. Yeye aliona aibu kushusha mbele ya watu aliokula nao sahani moja. Akapokea hadi ya mwisho, akiwacheka: "Leteni, leteni! Mnaninunulia mashine."

Tulitazama baada ya Magharibi, kwenye simu iliyoegemezwa sufuria. Mgeni alifunga mapema na mapumziko yakafika hivyo. Mafungu sita kati ya tisa yakafa palepale. Yalibaki matatu yanayoanza na mgeni.

Nilimvuta nje. "Mpigie kaka yako nyumbani. Anunue ushindi wa mwenyeji sasa hivi, mechi ikiendelea. Odi imepanda, inafika nne. Wakishinda, kampuni itakulipia. Wasiposhinda, utakuwa umepoteza sehemu tu ya akiba."

"Niipe kampuni fedha yangu? Kwa timu hii inayocheza hivi?"

"Una mke Jidda anayekusubiri."

"Mke wangu mwachie mimi."

Akarudi ndani. Mwenyeji akasawazisha, na kwa sare Bosi alikuwa bado salama, kwa kuwa hakuna aliyeichukua. Dakika za nyongeza, kona, kichwa, bao. Chumba kiliruka. Mganda mmoja mpishi alimkumbatia kwa nguvu, akamwambia sikioni, lakini sote tulisikia, "Bosi, sasa toa."

Alitakiwa kutoa zaidi ya mishahara yake ya miezi tisa. Hakuna wa kumshitakia wala wa kumtetea. Ambaye angekwenda polisi angejipeleka mwenyewe. Walichukua akiba yote ya mashine. Iliyobaki wakakubali alipe mwezi kwa mwezi, nao waliona huo ni wema. Kabla ya Ijumaa alikuwa amemwomba kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, amwongezee mkataba wa miaka miwili.

Hakuweza kumpigia mkewe. Mimi ndiye niliyekuwa naenda Jidda.

Nilikutana na mkewe mtaa wa Mahjar, kwenye chumba walichokodi kwa pamoja wanawake wa kwao kwa siku zao za mapumziko. Alinipa chai, akaniita shemeji, akauliza lini mumewe atakuja na mizigo. Nikamweleza. Hakulia. Alitaka kuelewa.

"Majibu tisa. Manane yakitokea, yeye anakula?"

"Karibu hivyo."

"Na lile moja ndilo walilolinunua wote."

"Ndiyo."

"Na alikuwa analiona."

"Alikuwa analiona."

Alikoroga chai isiyo na sukari. "Nani alimfundisha hizo hesabu?"

Nikamwambia ni mimi.

"Wewe ulicheza?"

"Mimi sichezi."

"Unafundisha tu."

Aliingia nyuma ya pazia akatoka na mfuko. Mlikuwa na mashati mawili ya kiume, mapya, bado yana pini kolani. Alikuwa amemnunulia ya safari.

"Mpelekee," akasema. "Mwambie avae huko ghalani. Mimi tiketi yangu madam ameshakata, naondoka Jumanne."

Wenzake walikuwa wameanza kusonga ugali, na mmoja akanikaribisha. Yeye akamwambia, "Mwache. Shemeji ana lori linamsubiri."