Vlogu ya Mlenda

Miaka ile simu ya mkononi ilikuwa imeshafika kwa kila mtu Dodoma, lakini intaneti bado tulikuwa tunaikodi kwa nusu saa. Kaka yangu alikuwa ughaibuni mwaka wa sita. Barua zilikuwa zimekoma, na akipiga simu alikuwa na haraka. Mama hakutaka kumwomba arudi. Alitaka arudi kwa kupenda mwenyewe, na hilo ndilo lililomnyima raha.

Nikanunua kamera ndogo ya mkononi, nikaanza kumtengenezea vlogu, video za maisha ya nyumbani, na kuziweka mtandaoni. Nilijiona fundi. Ya kwanza ilikuwa na soko la Majengo, mbuzi wa jirani, treni ikipita Zuzu, na mimi nikicheka bila sababu. Tena kila niliyemwelekezea kamera alisimama wima, akashusha mikono kama yuko kwenye picha ya pasipoti, akaanza kusalimu. Mama alimsalimu kaka, akawasalimu na majirani zake asiowajua, akamuuliza habari za hali ya hewa, kisha akanyamaza akingoja ajibiwe. Dakika kumi na nne za salamu.

Kaka aliandika chini yake: "Nimewaona, asanteni." Ya pili na ya tatu akajibu hivyohivyo. Mama alinisomesha yale maneno mara mbili, akaenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi. Nilimkasirikia sana kaka.

Hasira zangu nilizimalizia kwa dada mhudumu wa duka la intaneti, mwanafunzi wa chuo, ambaye kompyuta yake ndiyo niliyokatia vipande vyangu. Akaitazama vlogu nzima, uso mkavu.

"Dada, samahani," akasema. "Hapa mtu anangoja nini?"

"Anaangalia nyumbani kwao."

"Sawa, ila anangoja nini? Ukitoa mbuzi ukaweka treni, kuna kinachoharibika?"

Nilinuna, nikaondoka bila kuaga. Njia nzima hadi nyumbani Nkuhungu nilitafuta jibu la kumkomoa. Hakukuwa na kinachoharibika.

Jumamosi iliyofuata mama alisema ana hamu ya mlenda mkavu, mboga ya majani ya kukaushwa, ule wa karanga aliokuwa akiupenda kaka, na ndani hakukuwa na hata jani moja. Nikawasha kamera, nikamwomba aseme tena, safari hii akiwa anachagua mchele wake na bila kusimama.

"Leo nataka mlenda wa mwanangu," akasema. "Sijui kama nitaupata."

Siku nzima nilifuata mlenda tu. Tulikwenda Zuzu kwa mama mdogo. Akasimama wima kusalimu, nikamwambia, "Shikamoo, mama mdogo, endelea tu na kazi." Akatikisa kopo lake. Yalikuwa yamebaki majani ya kutosha chungu kimoja, na alimmiminia mama yote kwenye kipande cha khanga huku akilalamika. Majengo tulitafuta karanga na unga wa uwele. Kila tulipoondoka mahali nilipiga picha ya lile furushi mkononi mwa mama, ili mtazamaji ajue tumefikia wapi. Kisha jikoni: maji, magadi kidogo, majani, karanga zilizotwangwa.

Mama akapakua. Sahani yangu, yake, na ya tatu, akaiweka mbele ya kiti cha kaka. Sikuzima kamera.

Kwenye kompyuta nilikuwa na treni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, jua likiipiga ubavuni. Dada mhudumu akaniuliza treni inamsaidiaje mama kupata mlenda. Nikaikata, roho ikiniuma. Kisha nikataka kumalizia na salamu, ndivyo tulivyolelewa. Akanishika mkono.

"Umeanza na 'sijui kama nitaupata.' Ameupata. Acha ile sahani, ukae kimya."

Tukaiacha ikifuka moshi, kisha mwisho.

Siku ya tatu kaka aliandika: "Ile sahani aliila nani?"

Niliila mimi, punde tu nilipozima kamera. Nilitaka kumwambia hivyohivyo. Mama akakataa. "Mwambie bado ipo," akasema.

Nilitengeneza nyingine nyingi baada ya hiyo, na leo nikizitazama nalia na kucheka: mama yuko kila mahali, ana nguvu, anahangaikia kitu kimoja mpaka anakipata. Vile vipande vya salamu sikuvifuta. Navyo nimevipenda sasa.

Kaka alikuja mvua zilipoanza. Mama, aliyewahi kumrudisha mtoto wa jirani nje kwa kuingia bila kuamkia, alisimama mlangoni akingoja. Kaka akaweka begi chini, akamwangalia, akasema, "Mama, sahani yangu iko wapi?"

Mama hakumkumbusha shikamoo. Akageuka, akaenda jikoni kuipakua.