Mshale Usio na Maelezo

Idara ya kompyuta ya hospitali ilimpachika jina la Bi Mishale, na alilistahili. Ukimletea mchoro wa mfumo wenye mshale mtupu, atakurudisha nao ulikotoka. "Unabeba nini? Unakwenda wapi? Ukikatika, nani atajua?" Wenzake walimwiga mpaka kwenye foleni ya chai.

Siku hiyo alikagua mchoro wa majibu ya maabara, kabla mfumo haujahamishiwa kwenye mitambo mipya. Mchoro huo aliuchora kaka yake, aliyefanya kazi dawati la pili kutoka lake na ambaye walikuwa wamemzika juzijuzi tu. Majibu yote yalipita kwenye kompyuta moja kabla ya kufika kwenye skrini za wodini. Moja, bila ya akiba! Akaizungushia wino mwekundu. Kando yake palitoka mshale usio na maelezo, ukaishia ukingoni mwa karatasi.

"Si tuufute tu?" akauliza fundi wa mtandao.

"Thubutu!"

Akaingia kwenye mipangilio, akaufuata. Jibu likishindwa kufika wodini, mfumo ulilituma kwa ujumbe wa simu kwenye namba moja. Namba hiyo aliijua kwa moyo. Kumbe sehemu iliyosahaulika mchoroni ilikuwa mtu. Kaka ndiye aliyepokea yaliyokwama, akawapigia wauguzi mwenyewe, wala hakumwambia yeyote. Bi Mishale alimkasirikia marehemu, kisha machozi yakamtoka mbele ya watu.

Mchana akaenda kwa wifi yake. Simu ya marehemu ilikuwa juu ya kabati, imechomekwa kwenye chaji. Ikalia.

"Unasikia?" wifi akasema, uso ukachangamka. "Jumbe zenyewe sizisomi, ni mambo ya kazi. Lakini ikilia, wifi yangu, naona kama bado wanamhitaji."

Bi Mishale alikuwa amekuja kumwambia kwamba namba hiyo itaondolewa kwenye mfumo. Akaishia kuomba maji. Alichukua simu, akaandika majibu yote yaliyokwama na kuwasomea wauguzi kwa simu yake, moja baada ya jingine. Bahati nzuri, wodi zilikuwa zimekwisha kuyadai na kuyapata maabara.

Aliporudi ofisini wakaweka kompyuta ya akiba, na mshale ukaelekezwa kwenye simu mbili za zamu na king'ora cha wodini. Akauandikia maelezo kwa mkono wake, herufi kubwa. Wakazima kompyuta ya kwanza, ya pili ikashika kazi. Wakakwamisha jibu la majaribio, simu zote mbili zikalia. Fundi akapiga makofi.

Jioni, akifunga mkoba, simu yake ikaita. Kwenye kioo palitokea neno "Kaka".

"Wifi," sauti ikasema, "hii simu imeharibika? Tangu ulipoondoka haijalia hata mara moja."

Akaketi.

"Haijaharibika, wifi yangu," akasema. "Ni mimi niliyemwondoa kaka."