Wazima Ndio Hufutwa kwenye Picha ya Matanga

Kwenye picha ya matanga, anayefutwa si marehemu. Anayefutwa ni muzima. Familia inaleta picha ya harusi au ya ubatizo, watu wamebanana bega kwa bega, halafu inasema: tunamutaka huyu peke yake. Hakuna anayekubali uso wake utundikwe barabarani kando ya uso wa mutu aliyekufa, juu ya bango lenye msalaba. Watu wetu wanaogopa hilo na mimi nawaelewa. Basi kila siku nikitoka shule, kazi yangu ilikuwa kuwatoa wazima.

Studio ni ya papa mudogo, yule anayemfuata baba yangu. Iko mtaa wa Keshero, chumba kimoja chenye pazia jekundu la kupigia picha za paspoti, printa, na kompyuta nzee iliyoelekezwa ukutani, hivyo anayeitumia anaupa mlango mgongo. Nilikuja kwake kutoka mji wa Kiwanja ili nimalizie masomo, wazazi wangu wakabaki kule. Niliipenda ile kompyuta kwa sababu ya mgongo. Wateja waliongea na papa mudogo, mimi nilisikia tu. Kuna siku nilikaa kutoka asubuhi hadi kulala bila kutamka zaidi ya ndiyo na asante, na sikuona ajabu.

Papa mudogo alinifundisha mambo mawili. La kwanza: kabla ya kugusa picha ya mutu, iwekee kopi. Ufungue, uihifadhi palepale kwa jina jingine, ufanye kazi yako kwenye hiyo ya pili, ile ya kwanza usiiguse tena. La pili hakunifundisha kwa mdomo, nilijifunza kwa kulia. Umeme wetu unaondoka bila hodi. Ukiwa umefanya kazi saa nzima hujahifadhi, unaanza upya. Kwa hiyo vidole vyangu vya mkono wa kushoto vilizoea kubonyeza vile vitufe viwili vya kuhifadhi kila baada ya muda mfupi, vyenyewe, kama mutu anavyopepesa macho. Sikuwahi kufikiri kwamba mambo hayo mawili yanaweza kupigana.

Siku moja, mchana wa mvua, aliingia musichana wa darasa letu. Darasani anakaa mbele, upande wa wale wanaocheka. Mwaka mzima alikuwa ameniambia maneno ya kuomba rula tu. Alikuwa na mama yake mukubwa, wote wawili wamejifunga vitenge kiunoni kama watu wenye msiba. Nyanya yake alikuwa amefariki Kibumba. Walikuwa na kadi ya kumbukumbu iliyotolewa kwenye simu ya marehemu, simu ya vitufe, na ndani yake picha moja tu inayofaa: nyanya ameketi mbele ya nyumba, musichana amechuchumaa kando yake, shavu kwa shavu, mkono wake umelala juu ya bega la nyanya. Nyuma yao ukuta wa mbao na katoto ka jirani kanachungulia.

Mama mukubwa alieleza anachotaka, kisha akatoka kwenda kutafuta viti na hema. Papa mudogo naye alikuwa ameenda mjini kununua wino. Tukabaki wawili. Musichana akavuta kiti akakaa nyuma yangu, karibu hata nikasikia anavyopumua.

"Kumbe ni wewe unaketi hapa?" akasema. "Nilidhani wewe ukitoka shule unafungiwa kwenye kabati."

Nikacheka. Sijui kicheko kile kilitoka wapi. Nikaweka kadi, nikafungua picha moja kwa moja kutoka kwenye kadi, nikachukua kifutio. Kopi sikuweka. Sikusahau kwa uvivu. Nilisahau kwa sababu mutu alikuwa anaongea na mimi.

Kazi ile ina utaratibu wake. Unaanza na mpaka: unachukua kifutio kidogo sana, unazunguka marehemu pole pole, kitambaa cha kichwa, paji, shavu, shingo, bega. Kila unapoachia kipanya, programu inahesabu hatua moja. Ukishamaliza mpaka ndipo unachukua kifutio kikubwa na kufagia wengine wote, panabaki peupe. Nilianza kwenye kitambaa, nikashuka hadi pale mashavu yao yaliposhikana, nikayatenganisha. Yeye alikuwa anatazama.

"Unanitoa bila hata kuniomba ruhusa," akasema. Halafu akaniuliza kama nimewahi kumfuta mutu ninayemuchukia. Nikamwambia hapana, kwa maana siwajui watu wengi kiasi hicho. Akacheka, si kwa kunidharau. Akaanza kunihadithia nyanya yake, jinsi alivyokuwa anaficha maharagwe ya mbegu chini ya kitanda na kuwasingizia panya. Nilifika begani. Vidole vyake vilikuwa juu ya kitenge cha nyanya, kwa hiyo nikachota kitambaa cha pembeni na kukipaka juu ya kila kidole hadi mkono ukaisha. Kisha nikafagia: gauni lake, uso wake, ukuta, katoto ka jirani. Na mkono wangu wa kushoto, wakati wote huo, ulikuwa unahifadhi.

Nyanya akabaki peke yake katikati ya weupe. Alikuwa amependeza.

"Sawa," akasema musichana. "Sasa nitilie na ile ya mwanzo kwenye simu yangu. Mimi na yeye hatuna nyingine."

Nikafungua kadi kumtafutia. Picha ilikuwa moja, ile ile, jina lile lile. Nikaibofya. Nyanya, na weupe. Akainama juu ya bega langu akatazama.

"Na mimi niko wapi?"

Kabla sijajibu, umeme ukaondoka. Taa ikazima, feni ikasinzia, na lile sanduku la betri chini ya meza, linaloishikilia kompyuta kwa dakika chache, likaanza kulia pii, pii. Kwa kawaida likilia hivyo nahifadhi na kuzima. Mkono ulikuwa tayari umeenda. Nikaurudisha. Nikampigia papa mudogo, nikamweleza kwa sauti ambayo hata yeye aliuliza ni nani anaongea.

"Picha umeifunga?" akauliza.

Nikamwambia bado.

"Usiifunge. Usizime kitu. Kuhifadhi hakufuti hatua, kufunga ndiko kunafuta. Fungua historique, panda juu kadiri itakavyokubali, halafu hifadhi kwa jina jingine. Jina jingine, unasikia? Mutoto wangu, usinitajie betri, panda tu."

Historique ni ile orodha ndogo ya pembeni inayoandika kila ulichofanya, kifutio, kifutio, kifutio, na ukibofya mstari picha inarudi ilivyokuwa pale. Nikaanza kupanda. Katoto ka jirani kakarudi kwanza, kanachungulia. Ukuta ukarudi. Gauni, kisha uso wake, macho yanacheka. Nikasikia nyuma yangu amevuta pumzi. Nikapanda tena, vidole vikatokea juu ya kitenge kimoja kimoja, mkono ukalala begani kama mwanzo. Shingo ikakaa sawa. Nikabofya mstari wa juu kabisa, na juu yake hapakuwa na kitu.

Papa mudogo alikuwa bado kwenye simu. Ndipo akaniambia kwamba mashine, kwa uzee wake, ilikuwa inakwama, na yeye alipunguza ile orodha: ishike hatua ishirini tu, na ile picha ya mwanzo ambayo programu huitunza yenyewe juu ya orodha aliizima pia. Ukifanya hatua ya ishirini na moja, ya kwanza inaanguka. Hatua zangu za kwanza zilikuwa zimeanguka zamani. Zilikuwa za kitambaa, paji na shavu.

Kwa hiyo kila kitu kilirudi isipokuwa pale walipogusana. Kutoka kwenye kitambaa cha nyanya hadi chini ya taya palibaki mstari mweupe mwembamba, kama uzi, unapita kati ya mashavu mawili.

Sanduku lilikuwa linalia bila kupumzika. Nikahifadhi kwa jina jingine kwenye kompyuta, nikahifadhi tena kwenye kadi, nikaitazama ile ya weupe kama bado ipo, ipo, ndipo nikazima. Kukawa kimya, mvua tu kwenye mabati.

Nilimwambia samahani. Nikamwambia naweza kuuziba ule mstari umeme ukirudi, nachota ngozi ya shavu lake au ya nyanya, naipaka pale, hakuna atakayejua. Nilitaka sana akubali, maana angerudi siku nyingine kuichukua.

"Hiyo ngozi itakuwa ya wapi?" akauliza. "Pale tulikuwa tumeshikana. Wewe hukupaona kabla hujapafuta, utapachora nini?"

Nikasema nilipaona. Akasema, "Ulipaona na kifutio." Hakusema kwa ukali. Akachukua kadi, akaifunga kwenye kona ya kitenge na kwenda kungoja mama mukubwa mlangoni, huku mvua ikimrukia miguuni. Kiti chake kilibaki nyuma yangu na sikukirudisha mahali pake hadi papa mudogo alipofika. Papa mudogo hakunigombeza. Aliwasha mashine umeme uliporudi, akairudishia hatua nyingi na ile picha ya mwanzo, akasema ni afadhali ikwame. Kukwama kwa mashine tulikuzoea.

Bango la nyanya lilitoka vizuri. Wengi waliokuja matangani walilisifu, nilisikia nilipolipeleka, na mama mukubwa alinipa chai. Musichana alikuwa na wenzake wa darasa, nikainywa chai wima, nikarudi Keshero.

Baada ya mazishi alirudi shule. Wakati wa mapumziko walikaa kwenye ngazi, yeye na wale wanaocheka, anawaonyesha simu. Mimi nilikuwa ngazi ya juu yao na andazi langu. Nilijua ni picha gani kwa jinsi walivyonyamaza. Kisha mmoja akauliza ule mstari ni wa nini, simu imepasuka ama?

"Hapana," akasema. "Kuna mutu alipita katikati yetu."

Wakacheka kidogo, wakadhani ni mzaha. Hakusema ni nani. Nikangoja ageuke, hata kwa hasira, hata kunionyesha kwa kidole. Niliacha kutafuna ili nisikie vizuri. Kengele ikalia, wakapangusa vumbi kwenye sketi zao, wakaingia darasani.