Sauti ya Mjomba na Ngurumo ya Friji

Mjomba wa fundi sauti mmoja alitangaza redioni miaka ishirini na sita, na hata baada ya kustaafu, hakuna harusi ya ukoo iliyofanyika bila yeye kushika kipaza sauti. Kwa hiyo fundi huyo alipoombwa kusaidia filamu fupi iliyokuwa ikitengenezwa kwa kuungaunga, alimpendekeza mjomba acheze baba mgonjwa. Mzee alikubali hata kabla hajamaliza kuombwa.

Walirekodi sebuleni kwa jirani. Jikoni friji ilinguruma, na mwenye nyumba hakutaka kabisa izimwe, nyama yake isije ikaharibika. Fundi akambandika mjomba kinasa sauti kidogo ndani ya shati, akajiambia ngurumo ile atapambana nayo kwenye kompyuta. Alijua pia kwamba kabla ya kufungasha, watu wote walipaswa kunyamaza nusu dakika ili anase ukimya wa chumba, wa kuzibia mapengo baadaye. Lakini mwongozaji alikuwa anakimbizana na jua, na mjomba amechoka. Akaacha.

Kwenye kompyuta akaipunguza ngurumo. Bado ilisikika. Akapunguza tena, na tena, hadi friji ikanyamaza, ila ikaondoka na utamu wote wa sauti ya mzee, ikabaki nyembamba kama ya mtu anayesemea ndani ya ndoo. Kati ya sentensi na sentensi palikuwa kimya kama pamekatwa kwa kisu. Mwongozaji akataka muziki upandishwe ufiche kasoro, naye akaupandisha.

Siku ya kuonyesha filamu, watu waliinamia mbele wakitega masikio. Walipotoka, mjomba akamshika mkono.

"Mpwa wangu, siku hizi ndivyo ninavyosikika?"

Angeweza kukiri palepale. Lakini wageni walikuwa wanampongeza, akaona haya.

"Umri nao, mjomba," akatania.

Mzee akacheka kidogo, akauachia mkono wake.

Mwezi uliofuata binamu ya fundi aliolewa. Mjomba alipoitwa aseme, alidai koo linamsumbua, akakaa kimya hadi mwisho.

Kesho yake fundi alirudi kwa yule jirani, akarekodi dakika mbili za chumba kitupu na friji yake. Akafungua rekodi za mwanzo, akapunguza ngurumo kidogo tu, akautandika ukimya ule chini ya maneno, na kila mzee alipofungua kinywa akaushusha muziki. Sauti ikarudi, nzito, na mikwaruzo yake.

Akampelekea mjomba, akamweleza kosa lake lote, akaomba radhi, kisha akamvisha hedifoni. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akavua hedifoni taratibu.

"Kumbe kompyuta inaweza kumrudishia mtu hata ujana," alisema.

"Hapana, mjomba. Hii ndiyo sauti yako. Ile ya kwanza ndiyo niliyoiharibu mimi."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa upole, kama anayembembeleza mtoto, kisha akamuuliza habari za mama yake.