Sikuwa Makini

Wanafunzi walimbandika jina la Kwa Vipi, kwa kuwa kila ukimpa jibu, hata likiwa sahihi, alikuuliza hilo tu. Alifundisha hesabu, alikuwa mwembamba kama chaki yake, na mumewe aliapa kwamba hata chumvi ikizidi kwenye mchuzi huulizwa imezidi kwa vipi.

Siku hiyo alikaa ofisini na rundo la madaftari ya masahihisho. Jaribio la desimali lilikuwa limewaangusha wengi. Karibu darasa zima liliandika kwamba 0.35 ni kubwa kuliko 0.7, kwa sababu thelathini na tano inaizidi saba. Basi akawaagiza warudie swali na waeleze walikosea wapi.

Wakaeleza. Wa kwanza aliandika: "Sikuwa makini." Wa pili: "Sikuwa makini." Wa tatu akaongeza manjonjo: "Sikuwa makini sana." Mmoja aliandika kwa uaminifu mkubwa: "Nilikosea kwenye swali la nne."

"Yaani umakini uliwatoroka wote kwa pamoja," Kwa Vipi alijisemea, "ukawaacha na kosa lile lile."

Karibu kila ukurasa ulikuwa na muhuri wa zambarau: IMESAHIHISHWA. Huo ulikuwa muhuri wa mwalimu wa taaluma, bwana mnene mwenye viatu vinavyong'aa, ambaye aliupenda kuliko watoto wake. Alikuwa amepita darasani asubuhi kuukagua usahihishaji, maana ripoti ya shule ilidai kila aliyefeli awe amesahihisha.

"Dada, umeona?" alimwita kutoka mezani kwake. "Asilimia mia! Jibu sahihi kwa kila mtoto."

"Nimeona jibu, Mwalimu. Sijaona kama wameelewa."

"Sasa kupata jibu si ndiko kuelewa?"

Kwa Vipi alikuwa ameshika daftari la binti mmoja aliyeitwa na wenzake Bibi Rula, kwa jinsi alivyopiga mistari kila mahali, hata chini ya mistari. Huyu alikuwa ameeleza: "0.7 ni kubwa kwa sababu ina tarakimu chache." Kwa Vipi akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akatuma aitwe.

"Abee, Mwalimu."

"Umeandika vizuri mno. Niambie, 0.4 na 0.62, ipi kubwa?"

Bibi Rula hakusita hata kidogo. "0.4, Mwalimu."

"Kwa vipi?"

"Ni fupi."

Kule mezani, muhuri ulisimama hewani.

"Mwanzo ulisema ndefu ndiyo kubwa. Sasa fupi ndiyo kubwa. Nani kakupa hiyo?"

Binti alitazama viatu vyake, kisha viatu vinavyong'aa. "Mwalimu wa taaluma alitusaidia asubuhi. Alisema tusipoteze muda, ukiona fupi ndiyo kubwa."

Mwalimu wa taaluma alikohoa kikohozi kirefu. "Ilikuwa njia ya mkato tu, dada. Kwa swali lile ilifaa."

"Kwa swali lile hata kurusha sarafu kungefaa," alisema Kwa Vipi.

Chini ya rundo aliokota daftari moja lisilo na muhuri, limefutwafutwa hadi karatasi imetoboka. Mwenyewe alikuwa msichana wa dawati la nyuma. Aliandika: "Nilisoma thelathini na tano kama namba nzima. Kumbe baada ya nukta, ya kwanza ni sehemu za kumi. Huku ni tatu, kule ni saba. Saba ni nyingi, hiyo tano ni sehemu za mia tu."

"Huyu mbona hukumgongea?"

"Chafu," alisema mwalimu wa taaluma. "Mkaguzi akifungua pale nitaficha wapi uso?"

Kwa Vipi alirudi darasani na Bibi Rula. Alichora ubaoni safu za sehemu za kumi na sehemu za mia, akamwita msichana wa dawati la nyuma aziweke namba mwenyewe, tarakimu moja kila safu. Kisha akawaagiza kila mmoja atunge jozi mbili, moja ambayo ndefu ndiyo kubwa na nyingine ambayo fupi ndiyo kubwa, na aeleze zote mbili. Walilalama, wakakuna vichwa, wakafuta. Neno makini halikuonekana popote. Bibi Rula alipiga mistari michache kuliko kawaida, akapata moja, akakosa moja, akaomba arudie.

Ripoti ilikwenda na asilimia yake mia, kwa kuwa ilikuwa imeshagongwa. Kengele ya kutoka ilipolia, Bibi Rula alimvizia mwalimu wa taaluma mlangoni, daftari mkononi.

"Samahani, Mwalimu. 0.5 na 0.50, ipi fupi na ipi kubwa?"

Bwana yule alizitazama, akapapasa mfuko wa koti alimoweka muhuri, kisha akasema, "Hilo muulize mwalimu wako wa somo," akashika njia.