Karatasi Tatu za Shamba la Mama

Kazi yangu mjini Lubumbashi ni kuchapa barua na mikataba ya watu katika kibanda chenye kompyuta moja. Kwa hiyo niliposikia kwamba mama yangu mzazi anamkodisha mgeni shamba lake kwa maneno ya mdomo tu, damu ilinichemka. Nilimwomba shefu wa kijiji nafasi ya kusema mkutanoni, Jumapili baada ya misa.

Nilifika kwa pikipiki. Nilipita kwanza karibu na kijito kuiangalia miparachichi yangu, niliyoipanda katika kipande kingine cha mama. Ilikuwa imenawiri. Nikaingia mkutanoni kifua mbele.

Mgeni mwenyewe alikuwa ameketi mstari wa mbele, mfanyabiashara wa mjini aliyetaka kulima mahindi. Nilimpa mkono bila kumtazama. Moyoni nilikwisha kumhukumu kuwa mwizi.

Nikasimama, na maneno yakanitoka kama maji ya mvua, kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho “ndiyo” yake ni “njo”.

“Bapapa na bamama, udongo iko ya Serikali, lakini sisi tuko na haki ya kulima, na ile haki njo chakula yetu. Ukimupatia muntu shamba kwa kinywa, mwaka wa kesho kila muntu atakumbuka yake. Andikeni. Mipaka iko wapi, atalima nini, atatoka wakati gani, kitu gani hapana kugusa. Bashahidi batie mukono, na shefu pia. Karatasi tatu: moya ya mwenye shamba, moya ya mwenye kukodi, moya ya shefu. Na musiache mugeni apande miti. Mahindi inatoka, muti inabaki. Kesho atasema, mwenye kupanda njo mwenye shamba.”

Wanawake walipiga makofi. Nilijiona mkubwa kweli. Lakini mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, alitikisa kichwa.

“Mutoto wetu, karatasi iko ya bantu benye hawaaminiane. Huyu papa alikuja na heshima, mama yako akakubali. Unatafuta nini tena?”

Minong'ono ikaanza, na mama akaangalia chini kwa aibu. Hapo ndipo hasira ilipotaka kunishinda. Nikamgeukia mgeni nikamwomba aeleze mbele ya wote atafanya nini shambani. Nilitaka ajikwae.

Akasimama, akavua kofia. “Nitalima mahindi, mara mbili, halafu nitatoka. Ile kichuguu kubwa ya katikati nitaangusha, sababu trakta haiwezi kupita. Udongo yake nitachoma matofali ya depo yangu, ya kuweka bidhaa.”

Alisema bila kuficha lolote. Mama aliinua kichwa polepole. Juu ya kile kichuguu hupanda maboga kila mwaka, na majani yake ndiyo yaliyotulisha miezi ya njaa tangu nikiwa mdogo.

“Kichuguu?” akauliza. “Papa, haukuniuliza kichuguu.”

“Mama, nawe haukunikatalia.”

Hakuna aliyedanganya, na shamba lilikuwa karibu kupoteza tumbo lake. Yule mzee aliyenipinga alikohoa, akaniambia nitoe kalamu.

Nikaandika kwa furaha. Mipaka: kutoka njia ya miguu hadi mti wa msuku. Mavuno mawili ya mahindi, kisha anatoka. Kichuguu hakiguswi, wala udongo hauchimbwi kwa matofali. Mgeni naye akaomba mstari wake: mama asimtoe shambani mahindi yakiwa bado hayajavunwa. Mahali pengine, alisema, mwenye shamba aliyaona mahindi yamestawi akamfukuza. Niliuandika mstari ule nikiona haya kidogo, kwa kuwa sikuwa nimewahi kufikiri kwamba karatasi ingemlinda na yeye.

Nikanakili hadi zikawa karatasi tatu. Mama akachovya kidole gumba kwenye wino, mgeni akatia sahihi, kisha mashahidi wawili, kisha shefu. Nikaanza kukusanya vitu vyangu niende zangu, maana nilitaka kufika mjini mapema nikajisifu.

“Bado,” mama akasema. Alikuwa hajakifuta kidole chake. “Andika na ingine. Ya kule kwa kijito.”

“Kule kuko nini, mama?”

“Kuko miti. Muntu mwenye kukaa mu muji alikuja, akapanda bila kuniuliza. Nilinyamaza sababu iko mutoto wangu. Lakini leo nilisikia bakisema, mwenye kupanda njo mwenye shamba. Niko na batoto bane.”

Watu walicheka hadi shefu akashika tumbo. Mgeni alicheka kuliko wote, na sikuwa na haki ya kumlaumu. Nilikaa tena chini, masikio yakiniwaka moto, nikachukua karatasi safi. Shamba ni la mama, nikaandika, na miti haibadilishi hilo. Kisha, mahali pa mwenye kukodi, nikaandika jina langu.